Shajara ya mradi: maneno ya kuagiza mwonekano wa modeli katika brosha ya mkonge

Ingizo la 1: oda ya mteja

Brosha ni ya kampuni inayolima mkonge mkoani Tanga na kusafirisha singa, yaani nyuzi za mkonge, nje ya nchi. Ina kurasa 16 za A4, zimefungwa kwa stepla. Picha kubwa ni mbili: moja ya shamba, moja ya mji wa Tanga, na kila moja inalala juu ya kurasa mbili zinazotazamana. Mteja ameziomba kwa sentensi moja: zipigwe kutoka juu na "zifanane na vitu vya kuchezea".

Kinachotakiwa kinaeleweka. Ni ile picha ambayo ukanda mmoja wa katikati ni mkali, huku juu na chini kumefunikwa na ukungu wa lenzi, mpaka lori halisi linaonekana kama kigari cha mezani. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo haimwambii rubani wa droni aruke juu kiasi gani, haimwambii mhariri wa picha aweke ukungu kiasi gani, wala haimwambii mwandishi atasema nini chini ya picha. Watu watatu wakiisoma, zitatoka picha tatu. Kwa hiyo kazi ya mradi huu ni kuandika maelekezo matatu yanayolingana. Shajara hii inaeleza kila neno limewekwa kwa sababu gani.

Ingizo la 2: kwa nini jicho linadanganyika

Bila sababu hii maelekezo yanabaki ya kubahatisha, kwa hiyo imetangulia.

Droni iliyokodiwa ina kihisi cha inchi 1 na lenzi ya milimita 8.8. Lenzi ikifunguliwa f/5.6, kila kitu kuanzia sentimita 63 hivi mbele yake hadi upeo wa macho kinatoka kikali. Ndiyo maana picha ya droni haina ukungu popote. Kamera ikisogezwa karibu na modeli iliyo juu ya meza, hali hugeuka: kipande chembamba tu ndicho kinachokuwa kikali, na kilicho mbele na nyuma yake hupotea. Jicho limeshaizoea tofauti hiyo. Likikuta ukungu wa aina ya pili juu ya mji mzima, linaamua kwamba mji uko karibu, na kama uko karibu basi ni mdogo.

Zipo lenzi zinazoinama zenyewe na kuleta hali hiyo papo hapo. Kanuni yake imepewa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria, aliyeieleza katika hataza yake ya mwaka 1904. Yeye alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha picha za angani zilizopigwa kwa pembe, yaani alitaka usahihi, na leo mbinu yake inatumika kudanganya macho. Droni ndogo yenye lenzi isiyobadilishwa haiwezi kuibeba lenzi hiyo, kwa hiyo ukungu wetu utawekwa kwenye kompyuta.

Jambo linaloamua maelekezo yote yanayofuata ni hili. Ardhi ikiwa tambarare, ukungu wa kweli huongezeka kwa mstari ulionyooka: ukiwa mara mbili mbali zaidi na katikati ya ukanda mkali, ukungu nao ni mara mbili. Huongezeka sawasawa kwenda juu na kwenda chini ya picha. Shamba la mkonge linaitii kanuni hii karibu kikamilifu. Mji wenye maghorofa hauitii hata kidogo, na hilo limechukua sehemu kubwa ya ingizo la 5.

Ingizo la 3: maelekezo kwa rubani

Rasimu ya mwanzo ilisema "piga kutoka juu kabisa". Imefutwa. Kamera ikitazama chini wima, ardhi yote iko umbali mmoja na lenzi, na hakuna cha mbele wala cha nyuma. Ukungu ukiongezwa hapo unaonekana kama lenzi iliyochafuka.

Kinyume chake ni kamera iliyoinuliwa mno. Lenzi hii inaona nyuzi 53 kutoka juu hadi chini ya picha. Ikiinamishwa nyuzi 25 tu chini ya usawa, upeo wa macho unaingia ndani ya picha pamoja na anga, na anga halisi lenye mawingu huvunja udanganyifu mara moja. Tumechagua nyuzi 40. Droni ikiwa mita 80 juu ya shamba, ukingo wa chini wa picha unaangukia mita 35 mbele ya droni, katikati ni mita 95, na ukingo wa juu ni mita 335. Anga halimo, na kina kinatosha.

Maandishi yaliyokwenda kwa rubani ni haya:

"Urefu mita 80 juu ya shamba, mita 100 juu ya mji. Kamera iiname nyuzi 40 chini ya usawa. Isipungue 35, isizidi 50. Anga lisionekane. Katikati ya picha kuwe na vitu ambavyo kila mtu anajua ukubwa wake: lori, trekta, watu, baiskeli, paa la nyumba. Lenzi f/5.6, hakuna ukungu wowote utakaowekwa wakati wa kupiga. Faili ghafi pamoja na JPEG. Picha iwe sawa kabisa na upeo wa macho, kwa sababu hakuna nafasi ya kuizungusha."

Sentensi ya mwisho si mbwembwe. Kurasa mbili za A4 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande ni milimita 426 kwa 303. Kwa nukta 300 kwa inchi hizo ni pikseli 5031 kwa 3579, na faili la droni lina 5472 kwa 3648. Upana una ziada kidogo, ila kimo kina ziada ya pikseli 69 tu. Picha ikizungushwa nyuzi 1, kimo hakitoshi tena.

Sharti la lori na watu nalo liliongezwa baada ya kutazama picha za majaribio. Mistari ya mkonge peke yake, hata ikiwa mizuri namna gani, haibadiliki kuwa modeli. Asiyeufahamu mmea hajui kama ana urefu wa sentimita 20 au mita 1 na nusu, basi hana cha kupunguza. Lori la mita 7 likiwa katikati ya picha litachapwa likiwa na urefu wa milimita 17 hivi, na mtu aliyesimama atakuwa na milimita 3. Ukubwa huo unatosha. Pale korona, mashine ya kutoa singa kwenye majani, inapofanyia kazi ndipo penye kila kitu: malori ya majani, watu, na nyaya ambazo singa nyeupe zimeanikwa juu yake. Tumeomba picha ipigwe upande huo.

Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kimeambatanishwa na maelekezo. Bandari imeachwa nje ya mpango wa kuruka.

Ingizo la 4: maelekezo kwa mhariri, picha ya shamba

Hapa ndipo maneno ya kawaida ya kazi hii yanapokosea zaidi. Wengi huandika "ukungu 15". Namba hiyo ni pikseli, na pikseli 15 hazina maana mpaka ujue picha ina pikseli ngapi. Prufu, yaani nakala ya majaribio, ya kutumwa kwa simu yenye kimo cha pikseli 1000 ikiwekewa 15 inaonekana kama modeli nzuri. Mteja anaikubali, kisha namba ileile inaingizwa kwenye faili la kuchapa lenye kimo cha 3579, na ukungu unakuwa chini ya theluthi ya ule uliokubaliwa. Picha inatoka kiwandani kama picha ya droni ambayo kingo zake hazikukaa sawa.

Kwa hiyo vipimo vyetu vyote ni asilimia ya kimo cha picha baada ya kukatwa:

"Fungua `Filter > Blur Gallery > Tilt-Shift`. Ukanda mkali: asilimia 12 ya kimo, ukipita kwenye lori na nyaya za kuanikia. Kiwango cha juu kabisa cha ukungu: asilimia 1 ya kimo, yaani 36 kwenye faili la kuchapa na 10 kwenye prufu yenye kimo cha 1000. Vuta mistari ya vipande mpaka kingo za juu na chini za picha. Ukanda uwe mlalo."

Mistari ya vipande inahitaji maelezo. Katika Photoshop, eneo lililo kati ya mistari miwili mizima ni kali. Kutoka mstari mzima hadi wa vipande ukungu unaongezeka, na nje ya vipande unabaki palepale. Programu ikifunguliwa, vipande huwa karibu mno na ukanda. Ukiviacha hapo unapata picha yenye maeneo matatu: ukungu, ukali, ukungu, kama pazia lililokatwa kwa mkasi. Kanuni ya ingizo la 2 inataka ukungu uendelee kukua hadi ukingoni, na kuvivuta vipande mpaka ukingoni ndiko kunakoleta hilo. Anayetumia GIMP atapata kitu hichohicho kwa `Filters > Blur > Focus Blur`, akichagua umbo la mlalo.

"Ukanda uwe mlalo" kumeandikwa kwa sababu barabara ya shamba inakata picha kwa mshazari, na mkono unavutika kuuzungusha ukanda uifuate. Inapendeza kwa macho ya haraka. Lakini kwenye ardhi tambarare, vitu vilivyo umbali mmoja na kamera hupangana sambamba na upeo wa macho, si sambamba na barabara. Ukanda ulioinama unasema kwamba shamba limeinama.

Rangi: mwonekano wa modeli huzoeleka ukiwa na rangi zilizokolea kama za plastiki, kwa hiyo kukoleza kidogo kunasaidia. Kikomo chetu ni +15, chini ya wanavyofanya wengi. Mkonge ni kijani chenye majivu. Ukiukoleza hadi +40 unageuka rangi ya chai changa, na wasomaji wa brosha hii ni wanunuzi wa singa wanaoujua mmea tangu shambani. Wataona kosa kabla hawajaona lori.

Ingizo la 5: picha ya mji

Pendekezo la mteja lilikuwa katikati ya mji, penye maghorofa. Kabla ya kuruka tulipiga hesabu kwa jengo moja la kufikirika, lenye kimo cha mita 35, yaani ghorofa kama 10. Droni iko mita 100 juu na kamera imeinama nyuzi 40. Katikati ya ukanda mkali ni ardhi iliyo mita 119 mbele.

Jengo likisimama mita 75 mbele ya droni, msingi wake uko chini ya ukanda mkali, ndani ya ukungu wa wastani. Ila paa lake, kwa kuwa linanyanyuka juu katika picha, linaangukia katikati kabisa ya ukanda. Ukungu wa mlalo hautambui jengo. Unatambua tu mahali katika picha, kwa hiyo unaliacha paa likiwa kali kabisa. Kwa kweli paa hilo ni miongoni mwa vitu vilivyo karibu zaidi na lenzi. Kwenye modeli halisi lingebeba takriban asilimia 95 ya ukungu wa juu kabisa. Matokeo ni jengo lenye miguu ndani ya ukungu na kichwa kikali, jambo lisilowezekana kwa lenzi yoyote. Msomaji hatajua kueleza kasoro iko wapi, ila hataamini.

Majengo ya nyuma ya ukanda yana kosa la upande wa pili. Jengo lilelile likiwa mita 200 mbele, paa lake linawekewa ukungu zaidi ya mara mbili ya unaostahili, kwa sababu programu inalichukulia kama ardhi ya mbali sana, wakati paa hilo limesogea kuelekea kamera.

Dawa ipo. Kila jengo refu linachorewa maski yake, yaani umbo linalolitenga na sehemu nyingine za picha. La mbele linapewa ukungu wa msingi wake pale chini, unaoongezeka hadi wa juu kabisa kwenye paa. La nyuma linapewa ukungu wa msingi wake na kupunguziwa kidogo kuelekea paa. Kwa majengo matatu ni kazi ya kawaida; kwa mtaa mzima wa maghorofa ni kazi ambayo bei ya brosha hii haikuihesabu.

Tumependekeza Ngamiani badala yake, na mteja amekubali. Nyumba nyingi ni za chini, zimeezekwa bati, na barabara zenye namba zinakatana kama gridi. Hesabu ileile kwa nyumba ya mita 4 inaonyesha kwamba paa linakosa ukungu kidogo tu, tofauti isiyoonekana kwenye karatasi. Bajaji, baiskeli na vibanda vinampa msomaji kipimo cha ukubwa. Kwa maoni yetu ni picha bora kuliko ya maghorofa hata kama maski zingekuwa za bure, kwani kampuni ilitaka kuonyesha mji unaoishi na mkonge, na wakazi wa Tanga wataitambua Ngamiani kwa mtazamo mmoja.

Nyongeza kwenye maelekezo ya mhariri ikawa mistari miwili: "Kitu chochote kinachozidi ghorofa 3 na kinachoingia kwenye ukanda mkali kutokea chini kichorewe maski. Minara ya simu na minazi mirefu ihesabiwe." Minazi ilisahauliwa katika rasimu ya kwanza ya mistari hii; kwa Tanga haifai kusahauliwa.

Ingizo la 6: prufu ya mchapaji

Prufu ya karatasi imerudi na mambo mawili.

La kwanza ni ngazi za rangi. Sehemu ya juu ya picha ya shamba, ambako ukungu ni mwingi, ilionyesha michirizi badala ya rangi inayobadilika taratibu. Ukungu hufuta chembechembe za asili za picha, na eneo laini kupita kiasi huchapwa kwa ngazi. Mhariri amerudia kazi kwa biti 16 na kurudisha chembechembe kidogo kwenye maeneo ya ukungu, mpaka zilingane na za ukanda mkali. Namna ya kupima ni kukuza picha hadi asilimia 100 na kulinganisha kivuli cha ndani ya ukanda na cha nje: kimoja kikiwa na punje na kingine kikiwa kama kioo, bado.

La pili ni mkunjo. Kwenye brosha ya stepla, ni kurasa za katikati tu, 8 na 9, ambazo ni karatasi moja. Kwingineko picha ya kurasa mbili imechapwa kwenye karatasi mbili, na zinaweza kupishana milimita moja. Kwenye picha ya kawaida haisumbui. Kwenye hii, jicho lote limepelekwa kwenye ukanda mkali, na ukanda huo unakata mkunjo. Picha ya Ngamiani, yenye kingo za mapaa zilizonyooka, imehamishiwa kurasa 8 na 9. Ya shamba iko 4 na 5, na imesogezwa upande ili nyaya za kuanikia zisivuke mkunjo.

Kunoa picha kwa ajili ya kuchapa kumefanywa ndani ya ukanda mkali peke yake.

Ingizo la 7: maneno chini ya picha

Rasimu ya wakala wa mteja ilisema: "Karibu katika dunia yetu ndogo ya mkonge." Tumeikataa kwa sababu ya kibiashara. Mnunuzi anayefungua brosha anataka kujua kama kampuni ina shamba la kutosha kujaza makontena yake, na neno la kwanza analokutana nalo ni "ndogo".

Kuna hatari kubwa zaidi, na inatoka kwenye picha yenyewe. Mwonekano wa modeli unafanana na modeli za wasanifu majengo, zile zinazoonyesha mradi ambao haujajengwa. Tulipowaonyesha prufu watu wasiohusika na mradi, baadhi waliuliza kiwanda kitamalizika lini. Kiwanda kinafanya kazi. Picha iliyokusudiwa kuonyesha mali imeifanya mali ionekane ndoto.

Kwa hiyo maelezo yana kazi tatu, kwa mpangilio huu: kutaja mahali, kutaja kitendo kinachoendelea, kisha kusema kilichofanyiwa picha. Kitendo kiwe katika wakati uliopo, kwani "inaanikwa" inathibitisha kwamba kitu kipo. Maneno yaliyokubaliwa:

"Singa zinaanikwa kando ya korona, shambani kwetu mkoani Tanga. Picha halisi ya droni. Ukungu wa juu na chini umeongezwa."

"Ngamiani, Tanga: mapaa ya bati na barabara zenye namba. Picha halisi ya droni. Ukungu wa juu na chini umeongezwa."

Mteja aliuliza kama sentensi ya "Picha halisi ya droni" inaweza kwenda ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Jibu letu ni hapana, kwa sababu swali la "kitamalizika lini" linazaliwa palepale kwenye picha. Wazo la kuwaita wafanyakazi "vidoli" katika kichwa cha habari limeondolewa bila mjadala mrefu. Wanaoanika singa watapewa nakala za brosha hii.

Vipimo vya ekari na tani vimewekwa kwenye ukurasa wa 6, unaofuata picha ya shamba, ili ukubwa ambao picha imeupunguza urudishwe na namba mara msomaji anapogeuza karatasi.

Hali ya sasa

Picha ya shamba imefungwa. Ya Ngamiani inasubiri maski za minazi miwili na mnara mmoja wa simu. Bluu ya mapaa kadhaa inafifia ikigeuzwa CMYK, rangi nne za wino wa kuchapa; inaonekana ukiwasha `View > Proof Colors`. Mhariri ameagizwa aipunguze kwenye skrini hadi ilingane na itakayochapwa, asijaribu kuiongeza. Prufu ya pili itachapwa kwenye karatasi inayong'aa ya gramu 150, ileile ya kazi yenyewe, kwa kuwa karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino, na tofauti kati ya ukanda mkali na ukungu hupungua.

Faili la maelekezo matatu limehifadhiwa pamoja na picha ghafi. Vipimo vyote vya ukungu humo ni asilimia, hakuna pikseli isipokuwa zile mbili za mfano. Bado kuna kuamua kama toleo la bango, ambalo litatazamwa kutoka mbali, linahitaji ukungu wa asilimia 1 na nusu badala ya 1. Jaribio litachapwa katika vipande viwili vya A3 na kubandikwa ukutani kabla ya oda kwenda.